Baada ya Muhuri

Watu walimwita Nukta. Jina hilo lilimwangukia miaka mingi nyuma, pale alipomshusha karani wa mahakama ngazi za ghorofa tatu na kumpandisha tena, kisa nukta moja iliyokuwa imekaa mahali pasipo pake kwenye cheti cha talaka. Karani alipofika juu mara ya pili, akihema kama aliyefukuzwa na nyuki, alisema, "Huyu si mfasiri, huyu ni nukta." Jina likashika. Hata mkewe, enzi za uhai wake, alikuwa akimwita hivyo wakigombana.

Kazi yake ilikuwa kutafsiri karatasi za watu. Vitabu hakuvigusa wala mashairi. Alitafsiri vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya ndoa, hukumu, wosia, na zile karatasi ambazo kwazo mtu aliye mbali humpa mwenzake mamlaka ya kutenda kwa niaba yake, ambazo wenye ofisi huziita hati za uwakilishi. Waswahili walikwisha kusema kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Hati ya uwakilishi ni njia ya kubishana na methali hiyo: mimi sipo, lakini langu lipo, na fulani atalisimamia.

Chumba chake kilikuwa ghorofa ya tatu, mkabala na ofisi ya ardhi. Meza mbili, kabati moja la bati lililogoma kufungwa, na dirisha linalotazama foleni ya watu wenye bahasha. Meza ya pili ilikuwa ya mwanamke mmoja aliyefunzwa kazi na Nukta mwenyewe hata akala kiapo chake na kupata muhuri wake. Huyo walimwita Kamusi. Ukimuuliza neno alikupa matatu, na la nne ukilipia chai.

Nukta alimfunza mambo mengi, na yote kwa ukali. Usiongeze. Usipunguze. Pengo lililoachwa wazi, lipige mstari ili asije mtu akalijaza. Kilichofutwa, andika kwamba kimefutwa. Na kubwa kuliko yote, ukifika kwenye muhuri weka kalamu chini, kwa maana baada ya muhuri hakuna neno. Alikuwa na sababu. Alikwisha kuona mengi: mtu anatoka kwa mwanasheria na karatasi safi, anafika nyumbani, anachukua kalamu ya mwanawe wa shule na kujiongezea shamba chini ya muhuri. Kamusi aliishika amri hiyo kama anayeshika swaumu.

Sasa, Nukta alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, na binti huyo alikuwa ng'ambo kwa mwaka wa kumi na mbili. Alikwenda kusoma. Akamaliza kusoma akapata kazi, akapata kazi akapata likizo fupi, na likizo fupi haikutosha safari ndefu. Alikuja mara moja, kumzika mama yake, akakaa siku tisa. Baba alizihesabu. Siku ya kumi aliamka akapika chai ya watu wawili, na alipogundua alichofanya akanywa vikombe vyote viwili, akalia.

Lakini palikuwa na kiwanja. Binti alikinunua kwa jasho la miaka yake mitatu ya mwanzo ya kazi, pembeni ya mji, mahali penye mteremko mdogo na upepo. "Nitajenga hapo, baba, nikirudi." Basi kiwanja hicho kikawa ndicho binti mwenyewe. Kila Jumapili Nukta alivaa viatu vyake vya zamani akaenda kukizungukia. Alipima kwa hatua: hapa sebule, hapa jiko, hapa chumba cha baba, maana alikuwa ameambiwa kwamba chumba cha baba kitakuwepo. Aling'oa magugu. Alizozana na mbuzi wa jirani kana kwamba mbuzi wale wana elimu. Watu walimcheka, naye aliwaacha wacheke. Mtu mwenye kiwanja nyumbani hajahama, alijiambia, amechelewa tu.

Siku ya Jumanne mdogo wake wa kike alipanda ngazi na bahasha nene. Huyu ndiye shangazi wa binti, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara.

"Kaka, mwanao ameniandikia mimi. Amenipa mamlaka."

Nukta alihisi kitu kikimchoma. Amempa shangazi, baba yupo? Hakuinyosha mikono yake kuelekea bahasha, kwa sababu kiapo cha wafasiri ni wazi: karatasi yako au ya damu yako humthibitishii mtu. Mganga hajigangi.

"Mpe Kamusi," akasema, akatoka kwenda kusimama ukumbini ili macho yake yasije yakakosa adabu.

Masikio lakini hayana kope. Kamusi alimaliza kazi baada ya saa moja na nusu, akamsomea shangazi kwa sauti. Binti alimpa shangazi yake mamlaka ya kusimamia, kutunza na kukodisha ardhi na majengo yake yote yaliyo nchini; kulipa kodi zake; kuweka uzio; na kusimama mbele ya ofisi yoyote kwa mambo hayo. Mamlaka yatadumu mpaka yeye mwenyewe atakapoyafuta kwa maandishi.

"Hivyo tu?" shangazi akauliza.

"Hivyo tu, shangazi. Kisha saini na muhuri."

Shangazi alimtupia kaka yake jicho kupitia mlangoni, akafungua mdomo, akaufunga. Kwa mtu wa sauti ile, kufunga mdomo lilikuwa jambo la kushangaza, lakini Nukta hakushangaa. Alikuwa mbali. Uzio! Anayeweka uzio ana nia ya kurudi. Nani anatunza asichokitaka? Jioni hiyo alikwenda kwa fundi kuuliza habari za nguzo na waya. Njiani alimwambia jirani mwenye mbuzi, "Anarudi huyo. Wafunge wanyama wako." Alifua mapazia ya chumba cha binti, akayatundika mabichi, yakachuruzika maji mpaka sakafuni naye anacheka peke yake. Ana miaka sitini na sita mtu huyo, na usiku ule alilala kama aliyeahidiwa nguo mpya.

Ijumaa shangazi alirudi. Safari hii alizipanda ngazi polepole, na alipofika hakusalimu.

"Ofisi ya ardhi wamenikatalia."

"Wamekukatalia uzio?"

"Kuuza, kaka." Akakaa kwenye kiti cha wageni, akaweka bahasha mezani. "Msajili anasema kwenye karatasi hii kuuza hakumo. Anasema mamlaka ya kuuza hayakisiwi, lazima yatajwe kwa jina lake na kiwanja kitajwe kwa namba yake. Aliyepewa ufunguo wa kufagia, anasema, hakupewa nyumba. Na mnunuzi yuko chini pale anasubiri."

Nukta hakuelewa, au tuseme alielewa haraka mno. "Kuuza nini?"

"Kiwanja." Sauti yake ile kubwa ikawa ndogo. "Ameniambia kwa simu, mwezi uliopita. Amepata nyumba kule, anataka kuinunua. Akanisihi nisikwambie mpaka mambo yaishe. Nisamehe, kaka. Lakini aliniapia kwamba kuuza ameandika. Sasa mwanao ananitania, au huyu Kamusi wako hajui kusoma?"

Kamusi hakuwepo, alikuwa amepeleka hukumu mahakamani. Nukta alibaki na dada yake na bahasha. Kuthibitisha hakuruhusiwa, lakini hakuna kiapo kinachomkataza mtu kusoma. Akavaa miwani.

Aliijua karatasi kabla hajaisoma: nzito, ukingo umetobolewa na kupitishwa utepe, na chini ya ukurasa wa mbele, pale utepe unapoishia, muhuri mkubwa mwekundu. Kamusi aliishona tafsiri yake nyuma ya karatasi hiyo, kwa uzi, vizuri, kama alivyofundishwa. Nukta alisoma mpaka kwenye muhuri. Kamusi hakuwa amekosea hata neno moja. Kisha, chini kabisa, kwa herufi za kumtesa mzee, akaona: ukurasa wa kwanza kati ya mbili.

Akainua tafsiri iliyoshonwa. Nyuma ya karatasi yenyewe, palipofichwa na mshono, palikuwa na maandishi.

Wathibitishaji wa nchi ile, wanasheria wanaoshuhudia saini, hupiga muhuri pale utepe unapofungwa, popote maneno yatakapoishia. Nukta alilijua hilo zamani, alikwisha kukutana nalo mara mbili au tatu. Ila alipomfunza Kamusi hakumwambia, kwa sababu kanuni fupi hufundishika na kanuni yenye mikia haifundishiki. Kosa lilikuwa lake.

Akasoma. Pamoja na mamlaka ya jumla yaliyotajwa mbele, binti alimpa shangazi yake mamlaka maalumu ya kuuza kiwanja kimoja, namba yake hii, na si kingine. Bei isishuke chini ya ile ya mthamini wa serikali. Mnunuzi asiwe shangazi mwenyewe, wala mume wake, wala watoto wake. Malipo yaende moja kwa moja benki kwa binti, yasipite mikononi mwa mwakilishi. Mwakilishi asimkabidhi mtu mwingine mamlaka haya. Na mamlaka ya kuuza yanakufa yenyewe siku tisini baada ya kutiwa saini. Nukta alihesabu kwa vidole. Posta ilikula zake, mihuri ya wizara ikala zake. Zilibaki siku kumi na nane.

Ilikuwa kazi safi. Pamoja na maumivu yote, sehemu fulani ya Nukta ilisifu: mtoto huyu ameandika mipaka kama mtu aliyekulia chini ya meza ya mfasiri, na kweli alikulia hapo.

"Inasemaje?" shangazi akauliza.

"Ngoja."

Na hapo, katika "ngoja" hiyo, shetani alivuta kiti akakaa.

Maana palihitajika nini? Kunyamaza tu. Msajili amekwisha kukataa. Kamusi anaamini kazi iliishia kwenye muhuri. Shangazi hajui lugha ile hata salamu yake. Tafsiri ikilala tena juu ya ule ukurasa, siku kumi na nane zitapita, mamlaka yatakufa, na mnunuzi atatafuta pengine. Binti itambidi aanze upya, na kwa kuwa mambo ya karatasi yameshamchosha, huenda akasema, basi, nakuja kutia saini mwenyewe. Atakuja! Atashuka kwenye ndege na begi lake. Hata kama ni kuja kuuza. Hata siku tisa. Nukta alimwona mlangoni kabisa, akivua viatu kwa kukanyaga kisigino, tabia aliyogombezwa tangu utoto. Alimtamani mwanawe mpaka meno yakamuuma. Hakujua kwamba hamu inaweza kuuma meno.

Yalibaki maneno machache chini, akayasoma kwa kuwa hakuzoea kuacha ukurasa haujaisha.

Mamlaka ya jumla yaliyotolewa ukurasa wa mbele, maneno hayo yalisema, hayahusu nyumba anayoishi baba yangu, iliyosajiliwa kwa jina langu. Mwakilishi hana uwezo wa kuiuza, kuikodisha, kuiweka rehani, wala kumtoa baba yangu humo kwa sababu yoyote, maisha yake yote.

Nyumba ile aliiandikisha kwa jina la binti yeye mwenyewe, siku ya mahafali yake. Marafiki walimwambia amerukwa na akili. Hakurukwa na akili, alikuwa akitega mtego: mtoto mwenye nyumba nchini atakosaje kurudi? Kumbe ukurasa wa mbele, ukisimama peke yake, ulimpa shangazi uwezo wa kuikodisha nyumba hiyo kwa mtu yeyote, kwa kuwa ulisema majengo yote. Shangazi asingefanya hivyo. Lakini binti hakutaka kuacha jambo la baba yake mikononi mwa "asingefanya". Alikaa kwenye kiti cha mthibitishaji, mahali penye baridi, akamwambia mgeni yule aandike kwamba baba asiguswe.

Maisha yake yote. Nukta aliyarudia. Mtoto alikwisha kukaa akafikiri baba atazeekea wapi na kufia wapi, akampangia usalama wake wote, na katika mpango huo yeye mwenyewe hayumo. Ni upendo mtupu, na ni kwaheri. Nukta alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa miwani iliyolowa.

Kwa miaka thelathini watu walikaa kwenye kiti kile cha wageni wakimbembeleza. Mzee, punguza hapa. Mzee, neno hili liache. Naye aliwajibu wote jibu moja: sitafsiri unachotaka, natafsiri kilichoandikwa. Wengine waliondoka wakilia. Leo ndipo alipojua jibu lile lina uzito gani likikuangukia wewe.

"Dada," akasema. "Hakutanii. Kuuza kumo. Kuko nyuma ya ukurasa."

Shangazi akaivuta bahasha karibu yake. "Ungeweza kuniambia hakumo."

"Ningeweza."

Kamusi aliporudi na kuonyeshwa, alishika kichwa. "Mwalimu, niliishia kwenye muhuri!"

"Nilikufundisha vibaya. Muhuri si mwisho, mwisho ni pale hesabu ya kurasa inapoisha. Fumua uzi, utafsiri yote, uithibitishe upya. Ya zamani iandikie kwamba imebatilishwa." Akaenda ukumbini, mahali pake.

Alimsikia akigonga herufi, kipengele baada ya kipengele. Alipofika mwisho mashine ikanyamaza. Kamusi ana moyo mwepesi, jambo ambalo katika kazi hiyo ni kilema kidogo. Ikagonga tena, taratibu, kisha akamsomea shangazi: "...wala kumtoa baba yangu humo, kwa muda wote atakaokaa humo."

"Sicho kilichoandikwa," Nukta akasema kutoka nje, bila kugeuka.

"Mwalimu, maana ni ileile. Na hii haiumi sana."

"Si ileile. Nikilazwa hospitali mwezi mmoja, sijakaa humo, na kinga yangu imekwisha. Yeye hakusema muda nitakaokaa. Alisema maisha yangu yote." Akaendelea kutazama ngazi. "Hajakosea kipimo. Usimpunguzie."

Kamusi akafuta, akaandika. Shangazi alikuwa akilia waziwazi, kwa sauti yake ileile ya kuita watu ng'ambo ya barabara.

Kiwanja kiliuzwa siku ya kumi na moja, kwa bei juu kidogo ya ile ya mthamini. Mnunuzi ni mwalimu wa shule mwenye watoto wanne, mtu wa heshima, na Nukta alijaribu kumchukia akashindwa. Akamwonyesha mwenyewe mawe ya mipaka, na kumwonya kuhusu mbuzi.

Jumapili iliyofuata binti alipiga simu. Nukta alikuwa amekaa kitandani kwa binti, chini ya yale mapazia yaliyofuliwa. Walisalimiana, wakaulizana afya, wakazungukazunguka. Mwishowe baba akauliza, "Kwa nini hukuniandika mimi?"

"Baba, ningekuandika wewe usingeuza."

"Nisingeuza," akakubali.

"Umekasirika?"

"Sijakasirika, mwanangu. Nina hamu na wewe. Kiwanja kiende, nyumba yako huko uipate, uikae kwa amani. Lakini mimi nina hamu na wewe, na sikuwahi kukwambia hivyo, nilikuwa nang'oa magugu tu."

Kule upande wa pili akasikia pumzi, kisha kilio cha mtu anayejizuia.

"Nitakuja, baba. Nakuahidi, nitakuja kukuona."

Mtu mwingine angeshukuru akalala na ahadi hiyo. Lakini Nukta alikuwa amesoma karatasi nyingi mno maishani mwake, na alijua ahadi isiyo na siku hudumu vipi.

"Lini?" akauliza. "Nipe tarehe, mama. Hata iwe ya mbali. Nitaiandika."

Alisikia magari ya mji asioujua yakipita chini ya dirisha la mwanawe. Aliishika kalamu tayari, na kikaratasi juu ya goti, akasubiri.

"Nitajitahidi, baba," binti akasema.

Nukta alikitazama kikaratasi kile. Kisha, kwa mkono wa mtu aliyefanya hivyo miaka thelathini, akapiga mstari mahali pa tarehe.

"Haya, mama," akasema. "Jitahidi."